Zima, Funga, Jaribu: Kufundisha Utaratibu Mpya wa Usalama Saiti

Mashine ya kuchanganyia zege husuuzwa kila jioni kabla saruji haijashika, na mara moja moja hulazimika kugongwa kwa nyundo na patasi ili kubandua tabaka gumu lililoganda ndani ya pipa. Kazi hiyo ya pili ndiyo ya hatari. Mfanyakazi huingiza kichwa, mabega na mikono yote miwili mdomoni mwa pipa, na kwenye mashine kubwa huingia mwili mzima. Aliye nje hamwoni, naye kwa mlio wa nyundo hasikii lolote. Akitokea mwenzake akakuta mashine imesimama, akadhani imezimika yenyewe, akabonyeza kitufe, pipa hugeuka na mapanga ya chuma yaliyomo humkamata aliyemo kabla hajapata hata nafasi ya kupiga kelele.

Kinga ya ajali hiyo inajulikana siku nyingi. Umeme wa mashine hukatwa kwenye swichi yake kuu, swichi hufungwa kwa kufuli, ufunguo hukaa mfukoni mwa yule anayeingia kwenye pipa, kisha kitufe cha kuwashia hubonyezwa ili kuhakikisha kwamba mashine kweli haiwaki. Viwanda vya Marekani viliwekewa kanuni ya namna hiyo mwaka 1989, na leo mtindo huo wa kila mtu na kufuli lake umeenea duniani kote. Kwa aliyekwisha kuujua, ni utaratibu wa dakika mbili. Kazi ipo katika kuupeleka kwa watu ishirini wa saiti, wengine mafundi wa miaka mingi, wengine vibarua walioanza juzi, hadi jioni ya Ijumaa, mvua ikinyemelea na kila mmoja akitaka kuwahi daladala, mtu aende mwenyewe kwenye swichi bila kukumbushwa.

Njia ya kawaida ya kuupeleka haifiki huko. Ofisa usalama husimama mbele ya watu asubuhi, husoma karatasi yenye vipengele kumi na kitu, huuliza, "Jamani, tumeelewa?" na kujibiwa kwa sauti moja, "Tumeelewa!" Karatasi ya mahudhurio huzungushwa, watu hutia sahihi, kazi huanza. Sahihi hizo zinathibitisha kwamba watu walikuwapo. Hazisemi kama kuna hata mmoja anayeweza kufunga swichi.

Njia inayofika ina mambo matatu: kuonyesha kwa vitendo, kusindikiza kila kitendo kwa maneno machache yasiyobadilika, na mwishoni kuwarudishia watu kazi ili wao ndio waonyeshe. Mizizi yake ni ya zamani na ilitoka kwenye kazi za mikono. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Mmarekani Charles Allen aliwafundisha mafundi wa kuunda meli kwa hatua nne: kumwandaa mwanafunzi, kumwonyesha kazi, kumpa aifanye, na kumpima. Mwaka 1940, Marekani ilipohitaji kuwaingiza viwandani watu wengi wasio na ujuzi kwa haraka, mpango wa serikali wa kuwafunza wasimamizi uliichukua njia hiyo na kuinyoosha zaidi. Toka hapo msingi wake haujabadilika sana.

Maandalizi huanza kwenye mashine yenyewe, siku moja kabla, mfundishaji akiwa na fundi anayeiendesha kila siku. Hapa ndipo mengi huharibika kimyakimya, kwa sababu utaratibu huandikwa ofisini kwa mashine ya kwenye picha. Saiti swichi inaweza kukutwa haina tundu la kupitisha kufuli. Mashine inaweza kuwa inapata umeme kwa plagi na waya mrefu kutoka kwa jirani. Hapo inabidi plagi ichomolewe na kufungiwa ndani ya kasha lake, kwa maana plagi iliyoachwa chini mtu yeyote ataichomeka. Nyingi za mashine ndogo zinatumia dizeli na hazina swichi ya umeme kabisa. Kwa hizo, injini huzimwa, hendeli ya kuwashia huondolewa na kufungiwa kwenye sanduku la zana, na ufunguo wa sanduku hukaa kwa aliyemo kwenye pipa. Mfundishaji anayegundua haya mbele ya watu ishirini ameshapoteza somo. Fundi mzoefu akiulizwa mapema, "Kaka, wewe huwa unaizimaje unapoigonga?" atayasema yote, na kesho yake atakuwa upande wa mfundishaji badala ya kusimama nyuma akiguna.

Baada ya hapo kazi hupunguzwa mpaka ibaki mifupa. Kwa mashine ya umeme hubaki hatua tatu: zima, funga, jaribu. Mambo mengine yote, kama kuandika jina kwenye kibao cha onyo au kumtaarifu msimamizi, huning'inizwa kwenye mojawapo ya hatua hizo. Watu waliosimama juani, wanaosubiri kuanza kazi, hawabebi hatua tisa. Kama utaratibu wenyewe una hatua tisa za lazima, ni afadhali ufundishwe kwa asubuhi mbili.

Mahali pa kufundishia ni mbele ya mashine ileile, ikiwa tupu, kabla jenereta na mashine za kukata nondo hazijaanza kunguruma. Watu kumi au kumi na wawili wanatosha kwa mara moja. Wakizidi, walio nyuma wataona migongo ya walio mbele, na ni afadhali kurudia somo kwa kundi la pili. Wasimame nusu duara, jua likiwa mgongoni mwao na si usoni. Anayesahaulika mara nyingi ni mtu ambaye hagusi zege: fundi umeme, mlinzi, mtunza stoo, mama anayeleta chai na kujua kila kitu kinachoendelea saiti. Ajali inayozungumziwa husababishwa na mtu wa nje ya pipa, kwa hiyo asiyeosha mashine naye anapaswa kujua kufuli lile lina maana gani.

Onyesho lenyewe hufanywa mara tatu, na kila mara lina kazi yake. Mara ya kwanza mfundishaji hufanya kimya, kwa mwendo wa kawaida, bila maelezo. Anaizima mashine kwa kitufe, anatembea hadi kwenye swichi kuu, anaishusha, anapitisha kufuli, anafunga, anachomoa ufunguo na kuutia mfukoni, anarudi, anachungulia ndani ya pipa kuona kuwa hakuna mtu, anasogea pembeni, anabonyeza kitufe cha kuwashia. Pipa halisogei. Ukimya huo huwafanya watu watazame mikono, na huwaonyesha pia kwamba shughuli nzima ni fupi, jambo ambalo fundi mwenye haraka hulipima kabla ya jingine lolote.

Mara ya pili hufanya polepole na kutaja neno moja kwa kila hatua, akilitamka wakati mkono unafanya, si kabla wala baada. "Zima," na swichi inashuka. "Funga," na kufuli linalia. "Jaribu," na kidole kiko kwenye kitufe. Kufuli huinuliwa juu lionekane, na mfundishaji husimama ubavu ili mwili wake usizibe swichi. Kosa la kufanya kazi huku umewapa watu mgongo linaonekana dogo, lakini ndilo linalofanya nusu ya kundi liende nyumbani likiwa limesikia mlio wa kufuli bila kuona lilipoingia.

Mara ya tatu huja na sababu, sentensi moja kwa kila hatua. Kwa nini swichi kuu na si kitufe peke yake? Kitufe kinasimamisha mashine tu. Umeme bado umefika, na yeyote akikigusa, hata kwa kiwiko, pipa linazunguka. Kwa nini kufuli na si kibao cha "Usiwashe"? Kibao hupeperushwa na upepo, na si kila apitaye anakisoma. Kwa nini kujaribu wakati swichi imeshafungwa? Hapa inafaa mfundishaji akae kidogo, maana hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote. Saiti yenye swichi tatu ukutani, mtu anaweza kufunga ya pampu ya maji akiamini ni ya zege. Swichi iliyochoka nayo inaweza kushuka mkono wake huku vyuma vya ndani vimegandana na umeme unapita kama kawaida. Kwa macho, swichi ya namna hiyo haina tofauti na nzima. Kidole kwenye kitufe ndicho kitakachosema, na kiseme wakati watu wote wako nje ya pipa. Kama kitufe ni cha kugeuza na kinabaki pale kilipogeuzwa, baada ya jaribio kirudishwe kwenye kuzima, la sivyo umeme ukirudishwa mashine itaanza yenyewe.

Wapo wanaopenda kuonyesha pia namna isiyo sahihi: wanaiwasha mashine wakiwa wametia gongo ndani ya pipa ili watu waone linavyovunjika. Watazamaji hufurahi, na jioni wanasimulia gongo. Lakini vipande vya mti huruka, na kinachobaki kichwani ni kuvunjika kwa gongo badala ya mpangilio wa hatua tatu. Hatari inatosha kuelezwa kwa mdomo. Mikono ionyeshe njia moja tu, ile inayotakiwa.

Uchaguzi wa maneno unastahili muda wake, kwa sababu maneno hayo yatatumika baadaye kama amri, mtu akimpigia mwenzake kelele toka upande wa pili wa saiti. Neno zuri ni kitenzi kifupi ambacho watu wanakitumia tayari. "Zima" linatosha, "katisha chanzo cha nishati" hakuna fundi atakayelisema hata siku moja. Kukataza nako kuna mtego wake. Katika "usiwashe", katazo lote limebebwa na silabi mbili za mwanzo, ambazo ndizo humezwa kwanza na kelele. Linalofika upande wa pili ni "washe". Kwa hiyo ni salama zaidi kusema kinachotakiwa: "acha", "simama", "mikono nje". Neno likishachaguliwa halibadilishwi. Mfundishaji akisema "funga" leo, kesho "piga kufuli", keshokutwa "loki", anayesikia anahesabu mambo matatu.

Wafanyakazi wengi wa saiti wameshazoea kuitikiana wakati wa kuinua mzigo au kupitisha ndoo za zege kutoka mkono hadi mkono, na desturi hiyo ni mtaji. Mfundishaji akisema "Zima!", kundi linajibu "Funga!", naye anamalizia "Jaribu!" Baada ya raundi tatu au nne mpangilio umeshika kwa sauti. Ushike kwa mikono pia, jambo litakalokuja mbele kidogo, kwani kuimba hatua na kuzifanya ni mambo mawili.

Penye mkandarasi kutoka nje, kama kampuni za China au Uturuki zinazojenga barabara na reli katika Afrika Mashariki, mara nyingi huwapo mkalimani kati ya mhandisi na watu. Mkalimani huyo asikutane na utaratibu kwa mara ya kwanza asubuhi ya somo. Afundishwe siku iliyotangulia, afunge kufuli kwa mkono wake, akubaliane na mhandisi juu ya yale maneno matatu. Vinginevyo sentensi ndefu ya mhandisi itatoka upande wa pili ikiwa imebaki, "Bosi anasema tuwe waangalifu."

Halafu inakuja sehemu ya tatu, ya kuhakiki, ambayo wengi huiacha kwa kisingizio cha muda. Kanuni yake ni kutouliza swali linaloweza kujibiwa kwa "ndiyo". Mbele ya wenzake na mbele ya bosi, hakuna mtu mzima atakayesema hakuelewa, na kibarua wa siku anaogopa kwamba akijitokeza hivyo kesho hataitwa. Basi mfundishaji habebeshi mtu aibu hiyo. Anamwambia, "Mzee wangu, hebu nionyeshe kama unataka kuigonga sasa hivi," kisha ananyamaza na kurudi hatua mbili nyuma.

Tuseme ni saiti ya ghorofa nne na waliosimama ni kumi na mmoja. Mfundishaji anachagua watatu, bila kungoja wanaojitolea, kwa kuwa anayejitolea ndiye aliyekwisha kuelewa. Wa kwanza, fundi wa makamo, anakwenda moja kwa moja kwenye swichi, anaishusha, anafunga, anaacha ufunguo ukining'inia kwenye kufuli, anarudi kushika patasi. Mfundishaji hamkatizi. Anasubiri amalize, kisha anauliza, "Ufunguo uko wapi, fundi?" Fundi anajipapasa mfukoni, anacheka, anarudi kuuchukua. Wa pili, kijana saidia fundi, anautia ufunguo mfukoni lakini anapitiliza hadi kwenye pipa bila kujaribu kitufe. Wa tatu naye anafanya vilevile.

Wawili kati ya watatu wameruka hatua ileile. Jibu si kuwakaripia, na wala si kuwaambia kundi "sikilizeni vizuri". Hatua ambayo watu kadhaa wanairuka ni hatua ambayo onyesho halikuieleza. Mfundishaji anarudia kipande hicho pekee. Safari hii anamwita fundi umeme amsaidie: swichi ya pampu inafungwa kwa makusudi badala ya ile ya zege, watu wote wakiwa mbali na pipa, na kitufe kinabonyezwa. Pipa linazunguka huku kufuli linaning'inia ukutani na ufunguo uko mfukoni. Hilo halikiuki yale ya gongo, kwani mikono imefanya hatua zote tatu kwa mpangilio wake, na jaribio ndilo lililofichua kosa. Kijana anarudia tena. Sasa anajaribu, na anasogea pembeni kabla ya kubonyeza bila kuambiwa.

Kinachotazamwa katika marudio ni mpangilio wa mikono na mahali macho yanapokwenda. Mtu anayemwangalia mfundishaji usoni baada ya kila hatua bado anakisia. Yule ambaye macho yake yako kwenye swichi inayofuata ameshapata. Baada ya mikono huja maswali mawili au matatu ya hali zitakazotokea kweli, na yanafaa kuulizwa mtu mmojammoja. "Mmeingia wawili kwenye pipa, kufuli ni moja. Mnafanyaje?" Jibu ni kwamba kila mmoja anaweka lake, lipo bamba la chuma lenye matundu kadhaa ambalo huruhusu makufuli mengi kukaa kwenye swichi moja, na umeme haurudi mpaka la mwisho limetolewa. "Umekuta kufuli la mwenzako, yeye ameenda kula, na zege linahitajika haraka. Unafanyaje?" Hapa majibu hugawanyika, na mgawanyiko huo una faida kuliko jibu lenyewe, maana hufichua kwamba kuna ufunguo wa akiba kwenye droo ya msimamizi na kila mtu anaujua. Utaratibu husema mwenye kufuli aitwe aje afungue mwenyewe. Kama haiwezekani, msimamizi ahakikishe kwanza kwamba mtu huyo hayumo kwenye pipa, kisha ndiye afungue, na mwenye kufuli aambiwe kabla hajarudi kazini. Ufunguo wa akiba unaochukuliwa na yeyote hugeuza kufuli kuwa pambo.

Uhakiki wa asubuhi unapima kumbukumbu ya nusu saa. Wa maana zaidi ni wa kesho yake, sekunde chache tu kabla ya kazi: mtu mmoja aonyeshe, wengine watazame. Mwingine hufanywa baada ya wiki, bila kutangazwa, jioni wakati mashine inasuuzwa. Msimamizi hupita tu na kuangalia swichi. Akikuta mtu yuko ndani ya pipa na ukuta hauna kufuli, kazi husimamishwa na sababu huulizwa kabla ya lawama. Mara nyingi sababu ni ya kitu, wala si ya mtu: kufuli lilifungiwa stoo, mtunza stoo ameondoka saa kumi, mtu aliyetakiwa kusubiri hakusubiri.

Kufuli la swichi lina mipaka yake pia, na somo lisiifiche. Mashine zenye bakuli la kupakia kokoto na mchanga, linaloinuliwa kwa waya, zina hatari nyingine ambayo umeme hauhusiki nayo. Bakuli likiachwa juu linaweza kuanguka kwa uzito wake hata swichi ikiwa imefungwa vizuri, na waliosafisha chini yake wamewahi kupondwa. Ni lazima lishushwe chini kabisa au lizuiwe kwa pini yake ya chuma kabla mtu hajapita chini. Kwa mashine ya namna hiyo neno la nne linaongezwa mbele ya mengine, "Shusha", na somo zima linarudiwa, kwa kuwa utaratibu wenye hatua nne ni utaratibu mpya.

Sheria ziko upande wa mfanyakazi katika jambo hili. Mkataba namba 167 wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu usalama katika ujenzi, wa mwaka 1988, unataka wafanyakazi waarifiwe hatari za kazi zao na wafundishwe namna ya kujikinga. Sheria ya usalama na afya kazini ya Tanzania ya mwaka 2003 na ile ya Kenya ya mwaka 2007 zinamwekea mwajiri wajibu wa kutoa maelekezo na mafunzo. Kwa saiti yenye mashine moja na watu wawili wanaoigonga, vifaa vya kutimizia wajibu huo ni makufuli mawili yenye funguo tofauti, bamba moja la matundu, na swichi yenye mahali pa kufungia. Pasipo swichi ya namna hiyo, fundi umeme aibadilishe kwanza, ndipo watu waitwe kufundishwa.